Ujumbe unaojifuta haufuti deni, wala haufichi siri

Katika soko letu hapa Butembo, siku hizi watu wanakopeshana kwa WhatsApp. Zamani mkopo uliandikwa katika kadaftari, shahidi akaweka sahihi. Leo mtu anatuma sauti ya sekunde kumi, basi, mambo yameisha. Shida ni kwamba wengi wamewasha katika simu zao kile kinachoitwa Messages éphémères, na wanaamini kwamba ujumbe ukipotea kwao umepotea duniani. Si hivyo.

Mwezi uliopita, muuza viatu mmoja alikopa dola 300 kwa mama anayeuza vitenge. Alimtumia sauti: nimepokea pesa yote, nitarudisha mwisho wa mwezi. Kati yao saa ya kujifuta ilikuwa imewekwa siku 7. Mwisho wa mwezi ulipofika, kijana alisema ni dola 200 tu. Mama alifungua simu, hakukuta kitu. Kwa bahati, siku ileile ya mkopo alikuwa ameipeleka ile sauti katika kikundi cha jamaa yake, ambako hakuna saa iliyowashwa. Huko ilikuwa bado ipo. Kijana alikasirika, akasema simu yake imeingiliwa na wezi wa mtandao.

Hakuna aliyeiingilia. WhatsApp inatoa muda wa aina tatu: saa 24, siku 7 au siku 90. Hesabu inaanza wakati ujumbe unatumwa, si wakati unasomwa. Sauti iliyotumwa Jumatatu saa mbili asubuhi inaondoka Jumatatu inayofuata saa mbili, hata kama aliyetumiwa aliisikiliza Jumapili jioni. (Katika Signal ni tofauti: kwa anayepokea, hesabu inaanza pale anaposoma.) Tena saa hiyo inagusa tu ujumbe unaotumwa baada ya kuiwasha. Maneno ya zamani yanabaki. Na katika mazungumzo ya watu wawili, yeyote kati yao anaweza kuiwasha au kuizima. Mwenzake anaona tangazo dogo katikati ya mazungumzo, ambalo wengi wetu hatulisomi.

Sasa, ujumbe ukipelekwa mahali pengine ambapo saa haikuwashwa, huko unakuwa ujumbe mpya na saa ya kwanza haiufuati. Mama aliokolewa pia na jambo moja: ilikuwa sauti, na kila mtu sokoni anaijua sauti ya yule kijana. Kama yangekuwa maandishi, yale yaliyopelekwa yangeonyesha maneno tu, bila jina la aliyeyaandika kwanza, na kijana angeweza kukana.

Njia nyingine za kubakiza nakala ni nyepesi zaidi. Anayepokea anaweza kupiga picha ya skrini, na WhatsApp haimwambii aliyetuma. Picha na video zinaweza kuwa zimejihifadhi zenyewe katika simu yake, kama amekubali zipakuliwe bila kuulizwa. Saa inazitoa katika mazungumzo lakini haizitoi pale. Ukijibu ujumbe kwa kuunukuu, maneno yaliyonukuliwa yanaweza kubaki ndani ya jibu lako. Kuna na kitufe cha kuhifadhi ujumbe usipotee, lakini hicho kinampa taarifa aliyeutuma, naye anaweza kukataa. Hata ile picha ya kuonwa mara moja tu, ambayo WhatsApp inazuia isipigwe skrini, simu ya pili ikiwekwa juu yake inaipiga vizuri kabisa.

Najua kuna wanaoniambia kwamba wanawasha saa kwa sababu ya usalama, simu isije ikakaguliwa njiani na maneno yao yakasomwa. Nawaelewa, na katika jimbo letu sitamwambia mtu azime. Lakini saa hiyo inasafisha simu iliyo mkononi mwako. Simu ya yule uliyemwandikia iko mkononi mwake, na yeye ndiye anayeamua kitakachobaki. Kama humwamini, usimwandikie.

Kwa upande wa pesa mimi ni mkali. Kikundi cha likelemba hakipaswi kuwa na saa yoyote. Kwa kawaida kila mwanakikundi anaweza kubadilisha saa hiyo, kwa hiyo mwenye madeni anaweza kuiwasha kimya usiku. Viongozi wa kikundi waingie katika mipangilio na kuacha ruhusa hiyo kwa wasimamizi peke yao. Na mkopo wa dola 300 uandikwe kwenye karatasi. Yule mama amelipwa 250 mpaka sasa, na kadaftari amenunua.