Kahawa imepanda bei, mbona mwenye kahawa anafilisika?

Mwezi Februari 2025 bei ya kahawa ya arabika katika soko la New York ilivuka dola 4 kwa ratili, ambayo ni karibu nusu kilo. Ungedhani kila mwenye kahawa ghalani alishangilia. Kumbe wapo wafanyabiashara ambao kupanda huko kuliwatia matatani, na chanzo ni kitu kinachoitwa wito wa kuongeza dhamana.

Tuchukue mfano. Mfanyabiashara amenunua kilo 17,000 za kahawa, bei ya soko ikiwa dola 2.50 kwa ratili. Anaogopa bei isije ikaanguka kabla hajaisafirisha. Kwa hiyo anauza New York mkataba mmoja wa kahawa ya baadaye, wenye uzito kama huohuo: ratili 37,500. Bei ikishuka, hasara ya ghalani itafidiwa na faida ya mkataba.

Ili aruhusiwe kuuza mkataba huo, anaweka dhamana kwa dalali wake. Tuseme ni dola 10,000, na haitakiwi kupungua. Kila jioni soko linapiga hesabu. Bei ikipanda senti 10 tu, mkataba wake umepata hasara ya dola 3,750, nazo zinakatwa kwenye dhamana siku hiyohiyo. Zimebaki 6,250. Dalali anampigia simu: jazia 3,750, aghalabu kabla ya kesho kuisha.

Hapo ndipo penye mtego. Kahawa yake ghalani nayo imepanda thamani, kwa hiyo kwenye karatasi hajapoteza kitu. Lakini faida ya ghalani ataipata mnunuzi atakapomlipa, labda baada ya miezi mitatu, ilhali hasara ya mkataba inadaiwa leo, tena taslimu. Bei ikifika dola 3.50, atakuwa ameshatoa dola 37,500 kwa mkataba mmoja. Mwenye mikataba 100 atakuwa ametoa milioni 3.75. Na bei zikiyumba sana, soko huweza kupandisha dhamana yenyewe.

Akishindwa kulipa, dalali hahitaji ruhusa yake. Mkataba uliouzwa hufungwa kwa kununua mwingine, kwa bei yoyote iliyopo sokoni saa hiyo. Dhamana isipotosha kufidia hasara, kinachozidi kinabaki kuwa deni lake. Sasa fikiria wengi wanafungiwa mikataba kwa wakati mmoja: wote wanageuka wanunuzi wa lazima, bei inapaa zaidi, na simu za madalali zinaanza kulia kwa wengine ambao jana walikuwa salama.

Tukirudi kijijini, mfanyabiashara ambaye fedha zake zimemezwa na dhamana hana za kununulia kahawa mpya, hata kama anaitaka. Ndiyo maana redio inaweza kutangaza bei nzuri ya New York, huku mnunuzi aliyekuja na fedha mkononi mwaka jana akiomba safari hii apewe mzigo kwa mkopo.