Kava, kichwa na sekunde thelathini

Siku hizi kila wapendanao wawili niwajuao ama wana chaneli YouTube, ama wako mbioni kufungua. Mmoja anashika kamera, mwingine anaongea, na video ikiwekwa hewani inakwama kwenye watazamaji mia moja, nusu yao ndugu. Hapo ndipo kasheshe inapoanza: huyu anasema tatizo ni picha, yule anasema tatizo ni wewe unavyoongea.

Mimi kazi yangu ni kutengeneza gazeti, na nawaambieni mambo ni yale yale. Gazeti lina kava, lina kichwa cha habari na lina aya ya kwanza. Video nayo ina ile picha ndogo ambayo vijana wanaiita thamneli, ina kichwa, na ina sekunde thelathini za mwanzo. Vitu vitatu, lakini ahadi ni moja. Picha inamsimamisha mtu, kichwa kinamwambia atapata nini, na sekunde za mwanzo zinaanza kumlipa. Kimoja kikisema lingine, mtu anaondoka.

Kuna bibi na bwana wa hapa Dar, marafiki zangu, walitengeneza video nzuri tu. Walifunga ndoa kwa shilingi milioni 4, bila kamati wala kadi za michango, na wakaamua kueleza hesabu yote. Kwa mji huu ambapo hata kitchen pati ina bajeti yake, hiyo ni habari! Lakini walivyoifungasha, hata mimi nisingeibonyeza. Kichwa: "Maisha ya Ndoa Sehemu ya 3: Mpango Wetu wa Harusi na Mengineyo". Picha: wao wawili wamesimama mbali, na maandishi ya njano maneno tisa. Kwenye simu picha hiyo inakuwa ndogo karibu sawa na kiberiti, sasa maneno tisa nani atayasoma?

Kwenye YouTube Studio, upande wa Analytics, kuna namba inayoitwa Impressions click-through rate. Inakwambia kati ya watu mia walioonyeshwa picha yako, wangapi waliibonyeza. Wao walikuwa na 4. Si mbaya sana, maana YouTube wenyewe wanasema nusu ya chaneli zote ziko kati ya 2 na 10. Ila bwana hakuridhika. Akabadilisha picha: uso wa mkewe, machozi ya kuchora, na neno moja kubwa jekundu, TUMEACHANA?

Basi namba ikapanda hadi 10. Bwana akachekelea. Bibie hakucheka, kwa sababu shangazi yake alipiga simu kutoka Tanga akilia, na kazini watu walianza kumwangalia kwa huruma.

Tuweke ya shangazi pembeni kidogo, tupige hesabu. Kwenye Studio hiyo hiyo, ukifungua video moja, kuna grafu ya watazamaji waliobaki, na inakwambia wangapi bado wapo ikifika 0:30. Kwa picha ya zamani, nusu ya waliobonyeza walibaki. Kwa picha ya machozi, wakabaki 20 tu kwa mia. Sasa chukua watu 1,000 walioonyeshwa. Mwanzo walibonyeza 40, wakabaki 20. Baadaye walibonyeza 100, wakabaki... 20! Faida ni sifuri, na watu 80 wamekwenda zao wakijua chaneli hii ni ya waongo. Tena tangu mwaka 2012 YouTube inatazama zaidi muda watu wanaokaa kwenye video kuliko idadi ya kubonyeza tu. Wale 80 waliotoka mapema ni ushahidi dhidi yako.

Ndiyo maana namba hizi mbili husomwa pamoja. Wakibonyeza wachache lakini wanakaa, video yako ni nzuri, shughulikia picha na kichwa. Wakibonyeza wengi halafu grafu inaporomoka kama mtu aliyeteleza ngazini, ama umedanganya, ama umechelewa kuanza.

Wenzetu hawa walikuwa na yote mawili. Video ilianza na nembo inayozunguka na muziki, sekunde 12. Kisha salamu, kisha "usisahau kubonyeza kengele", kisha historia ya walivyokutana. Neno harusi lilitajwa sekunde ya 41.

Tulikaa jioni moja tukaipanga upya. Picha tuliipiga makusudi, badala ya kuikata kutoka kwenye video: bibie na shela lake, ameshika kikokotoo, anamtazama mumewe kwa jicho lile mnalolijua. Vipimo 1280 kwa 720. Maneno matatu tu: MILIONI 4 TU. Tuliyaweka juu kushoto, kwa sababu kona ya chini kulia YouTube wanaweka muda wa video na maneno yanafunikwa. Halafu tukaiangalia kwenye simu, mkono umenyooshwa. Ukiweza kuisoma hivyo, imepita.

Kichwa hakikurudia maneno ya picha, kiliyakamilisha: "Harusi bila kuchangisha mtu: hesabu yetu yote". Kichwa kinaweza kufika herufi 100, lakini kwenye simu mkia unakatwa, kwa hiyo neno zito likae mbele.

Na mwanzo? Nembo tuliitupa. Sekunde ya kwanza, mkono unaweka risiti mezani na sauti inasema, "Hii ni ya ukumbi, laki tano." Sekunde ya sita: "Harusi nzima milioni nne, na hatukumchangisha mtu." Sekunde ya kumi na mbili: "Kuna kitu kimoja tulikikata, mama mkwe mpaka leo hajatusamehe. Tutakifikia kwenye chakula." Kisha moja kwa moja kwenye ukumbi. Mtazamaji ameona kile alichoahidiwa, na ana sababu ya kusubiri.

Matokeo: kubonyeza 6, waliobaki 70 kwa mia. Katika watu 1,000 hao ni 42, zaidi ya mara mbili ya mwanzo, tena bila chozi la mtu.

Tahadhari moja. Namba ya kubonyeza hushuka video inapoanza kuonyeshwa kwa watu wasiokujua, hivyo ikishuka huku watazamaji wanaongezeka, usipaniki. Jilinganishe na video zako mwenyewe, na usihukumu picha iliyoonyeshwa mara mia mbili tu. Ukitaka kushindanisha picha, kwenye kompyuta kuna huduma ya kufanya hivyo, kwa chaneli zilizofunguliwa huduma hiyo. Unaweka hadi picha tatu, na mshindi huchaguliwa kwa muda uliotazamwa, wala si kwa idadi ya kubonyeza. Huenda ikachukua hadi wiki mbili, kwa hiyo acha kuchungulia kila saa.

Na kwa ninyi mnaorekodi mapenzi yenu: uso ulio kwenye picha una mwenyewe. Kabla hujaipandisha, mwulize mwenzio swali moja, "Mama yako akiiona hii, utampigia wewe au mimi?" Mkiangaliana bila kujibu, pigeni nyingine.

Tukutane mwezi ujao.