Kuuza ankara au kutumia ovadrafti: Hesabu ya gharama kwa wazabuni wa migodi ya Shinyanga na Geita

Tangu Kanuni za Madini kuhusu ushirikishwaji wa Watanzania zilipotungwa mwaka 2018, kampuni za wazawa katika ukanda wa dhahabu zimefunguliwa mlango mpana zaidi wa kuuza bidhaa na huduma migodini. Kwa mzabuni wa Kahama, mgodi wa Bulyanhulu uko ndani ya mkoa wake wa Shinyanga, na mgodi wa Geita uko mkoa jirani. Hata hivyo, kupata zabuni ni nusu ya safari. Nusu iliyobaki ni kuishi katika siku zinazopita kati ya kufikisha mzigo na kupokea malipo, ambazo katika biashara ya namna hii huweza kuwa 30, 60 au hata 90.

Katika siku hizo mzabuni hudaiwa mishahara na bei ya mzigo unaofuata. Kodi ya Ongezeko la Thamani nayo, kwa utaratibu wa kawaida, hutakiwa kuwasilishwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata ule wa mauzo, hata kama mnunuzi hajalipa senti moja. Mzabuni anaweza kuwa na faida vitabuni na wakati huohuo akakosa fedha mkononi.

Njia mbili hutumika kuziba pengo hilo. Ya kwanza ni ovadrafti, yaani ruhusa ya benki ya kutoa fedha zaidi ya salio hadi kikomo kilichokubaliwa. Ya pili ni kuuza ankara: taasisi ya fedha humpa mzabuni sehemu ya thamani ya ankara mara moja, kisha humsubiri mnunuzi alipe. Malipo yakifika, taasisi hurudisha kiasi kilichobakizwa baada ya kukata ada yake.

Ugumu wa kulinganisha njia hizi unatokana na namna bei zake zinavyotajwa. Ovadrafti hutajwa kwa riba ya mwaka, na ada ya kuuza ankara hutajwa kwa asilimia ya ankara kwa kipindi kifupi. Mtu anayesikia "asilimia 3" upande mmoja na "asilimia 16" upande wa pili hudhani jibu liko wazi, kumbe analinganisha miezi miwili na mwaka mzima.

Mfano ufuatao wa kukadiria unaonesha tofauti hiyo. Mzabuni amefikisha viatu vya usalama na sare, na ankara yake ni shilingi milioni 100 pamoja na kodi, ya kulipwa baada ya siku 60. Taasisi inampa asilimia 80 ya ankara na kutoza asilimia 3 ya ankara nzima, ikikata ada hiyo papo hapo. Anayoipata mkononi ni milioni 77. Kwa hiyo milioni 3 ni gharama ya kutumia milioni 77 kwa siku 60, sawa na asilimia 3.9. Siku 60 huingia katika mwaka mara sita hivi, na hesabu ya moja kwa moja hutoa asilimia 23.7 kwa mwaka. Gharama ikihesabiwa kwa kurundikana, kama inavyotokea kwa anayeuza ankara mfululizo, hufika takriban asilimia 26.

Ipo pia gharama isiyoonekana kwa haraka. Kati ya milioni 100 za ankara, milioni 15.25 ni kodi ambayo si mapato ya mzabuni, lakini ada hutozwa juu yake vilevile. Mauzo yake halisi ni milioni 84.75. Iwapo faida yake ni asilimia 10 ya mauzo hayo, yaani karibu milioni 8.5, ada ya milioni 3 imekula zaidi ya theluthi ya faida.

Kwa upande wa ovadrafti, wastani wa riba za mikopo ya benki nchini katika miaka ya karibuni umekuwa karibu asilimia 15. Tuchukue riba ya asilimia 16, kikomo cha milioni 80 na ada ya kuandaa ya milioni 1.2 kwa mwaka. Kutumia milioni 77 kwa siku 60 kunagharimu riba ya takriban milioni 2.03. Ikiwa mzabuni anahitaji fedha mara moja tu kwa mwaka, riba pamoja na ada hufika milioni 3.23, ghali kuliko kuuza ankara. Akihitaji mara mbili, ovadrafti inagharimu milioni 5.25 dhidi ya milioni 6. Akihitaji mara sita, ni milioni 13.35 dhidi ya milioni 18. Kigezo kikubwa basi ni idadi ya mara ambazo pengo la fedha hujitokeza. Asilimia inayotajwa kwenye karatasi, peke yake, haiamui.

Siku halisi za malipo nazo hubadili picha. Ada ya mkupuo haipungui mnunuzi akilipa mapema. Katika mfano huu, akilipa siku ya 40 badala ya 60, milioni 3 zilezile zinakuwa gharama ya siku chache, na kiwango cha mwaka kinapanda hadi asilimia 35.6. Akichelewa, mkataba unaweza kuongeza asilimia 1.5 ya ankara kwa kila siku 30 au sehemu yake. Malipo ya siku ya 75 yatabeba ada ya milioni 4.5, sawa na asilimia 28.4 kwa mwaka. Kwa ovadrafti riba huhesabiwa kwa siku zilizotumika, hivyo malipo ya mapema humpa mzabuni nafuu papo hapo. Ndiyo maana inafaa kuomba ada ihesabiwe kwa siku kabla ya kusaini.

Pamoja na hayo, mzabuni asiye na nyumba au kiwanja chenye hati huenda asipate ovadrafti kabisa, kwa kuwa benki mara nyingi hutaka dhamana ya namna hiyo. Ankara hutegemea zaidi uwezo wa mnunuzi kulipa. Kwake, swali ni kama faida ya oda ambayo angeikosa inazidi ada. Oda yenye faida ya milioni 8.5 kwa ada ya milioni 3 bado inalipa. Yenye faida ya milioni 2 humwachia hasara.

Mambo mawili yanahitaji kusomwa kwa makini. Kwanza, mikataba mingi humruhusu mnunuzi wa ankara kumrudia mzabuni endapo mdaiwa hatalipa. Hapo hatari ya kutolipwa haijahama. Mzabuni amepata mkopo tu, na anaweza kutakiwa kurudisha fedha alizokwisha kutumia. Pili, ankara huuzika pale deni lisipobishaniwa. Oda ya ununuzi, hati ya kupokelea mzigo iliyosainiwa na uthibitisho wa mnunuzi lazima vikubaliane kwa idadi na bei. Jozi kumi za viatu zikikataliwa langoni, taasisi inaweza kuzuia fedha za ankara nzima mpaka mzozo uishe. Aidha, mkataba wa zabuni ukikataza kuhamisha madai bila ridhaa, ridhaa hiyo hutafutwa kabla ya kuuza.

Kwa mzabuni mwenye dhamana na mahitaji ya mara kwa mara, ovadrafti kwa kawaida itakuwa nafuu. Kwa mwenye oda moja kubwa, au asiye na dhamana, ankara inaweza kuwa jibu. Katika hali zote mbili hesabu ni ileile: shilingi zitakazokatwa, zigawanywe kwa shilingi zitakazoingia mkononi, kisha zizidishwe kwa siku 365 na kugawanywa kwa siku ambazo mnunuzi hulipa kwa kweli, si zile zilizoandikwa kwenye ankara.