MIEZI ALIYOKWISHA KUFANYA KAZI NI DENI, SI HISANI



Ndugu zangu katika imani, baada ya darsa ya Alhamisi hapa Bububu alinijia bwana mmoja na swali. Amesikia kima cha chini cha mshahara kimepanda, na kwake ana msichana wa kazi wa mwaka wa pili sasa. Akaniambia: "Sheikh, mimi kuanzia mwezi ujao nitamuongeza. Lakini hii miezi iliyopita imekwishapita. Tulikubaliana, nilimpa, akapokea, akashukuru. Yamekwisha."

Nikamwambia hayajaisha. Na kwa kuwa najua si yeye peke yake, nalijibu hapa kwa urefu.

Jambo la kwanza kuangalia ni TAREHE YA KUANZA iliyoandikwa kwenye amri ya mishahara. Siku uliyosikia wewe haihesabiwi, wala siku kiongozi aliyotangaza jukwaani. Amri nyingine huangalia mbele. Amri ya Tanzania Bara ilitoka Novemba 2022, ikaanza kazi tarehe 1 Januari 2023. Aliyelipa kima cha zamani Desemba hakudaiwa kitu. Aliyelipa kima hicho hicho Februari aliingia deni, hata kama hakuwa na habari.

Amri nyingine hurudi nyuma. Kenya, siku ya Mei Mosi 2018, ilitangazwa nyongeza ya asilimia 5. Amri yenyewe haikusainiwa mpaka Desemba, lakini ndani yake imeandikwa kuwa inaanza tarehe 1 Mei 2018. Mfanyakazi wa nyumbani wa Mombasa, kima chake kilikuwa shilingi 12,926.55 za Kenya kwa mwezi, kikawa 13,572.90. Tofauti ni 646.35. Kuanzia Mei mpaka Desemba ni miezi minane, basi tajiri aliyekuwa akilipa kile kima cha zamani alimaliza mwaka akidaiwa 5,170.80. Miezi yote minane ilikwishapita, kazi ilikwishafanywa na mshahara ulikwishapokewa, na bado deni lilikuwepo.

Sasa nyinyi wa Unguja, tahadharini na tarakimu zinazozunguka kwenye simu. Mambo ya kazi na ajira si ya Muungano. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, Nambari 11 ya mwaka 2005, na amri zake za mishahara. Hata msichana akiwa ametoka Tanga au Lindi, maadamu kazi anaifanyia Bububu, amri ya Zanzibar ndiyo yake. Nenda Kamisheni ya Kazi, omba uione amri, tafuta mstari unaohusu kazi za nyumbani, kisha tarehe ya kuanza. Usichukue kima cha jumla kilichotajwa redioni ukakifanya ndicho, wala usikimbilie kile cha Bara kwa kuwa ni kidogo.

Tuje kwenye hoja za watu.

WA KWANZA anasema: "Tulikubaliana, na Waislamu hufuata masharti yao." Kweli, hadithi ipo. Lakini wanaoitaja huikata katikati, kwa sababu mwisho wake umetoa nje sharti linalohalalisha haramu au kuharamisha halali. Haki ya mfanyakazi ikishawekwa na mwenye mamlaka kwa jambo lisilo maasi, makubaliano yako ya chini yake hayana nguvu. Na tuulizane kwa uaminifu: msichana wa miaka 19, hana ndugu Unguja, analala chumba cha nyuma nyumbani kwako, alikuwa na nafasi gani ya kukataa?

WA PILI amesoma kidogo. Anasema Mtume s.a.w. alikataa kupanga bei watu walipomuomba, basi serikali kupanga mishahara ni dhulma. Hadithi ya Anas r.a. ni sahihi, na bei ile ilipanda bila ya mtu kumdhulumu mwenzake. Ibn Taymiyya katika kitabu chake cha Hisba ameeleza kuwa watu wakiihitaji kazi ya mafundi, kiongozi ana haki ya kuweka ujira wa mfano, yaani ule wa haki unaolingana na kazi hiyo: wafanyakazi wasidai zaidi, na wenye kuwaajiri wasiwapunje. Pande zote mbili. Wewe unashika upande mmoja tu.

WA TATU ndiye mwingi zaidi: "Anakula kwangu, analala kwangu, Iddi namvalisha." Ndugu yangu, angalia ile amri ya Bara ya 2022. Mfanyakazi wa nyumba ya kawaida anayelala kwake aliwekewa shilingi 120,000, na anayelala kwa tajiri 60,000. Ni nusu! Chakula na kitanda vimekwishahesabiwa. Wewe unataka kuvikata mara ya pili. Na nguo ya Iddi ulimpa kwa jina la zawadi. Zawadi haigeuzwi kuwa malipo ya deni baada ya kupokewa.

Lipo na kubwa kuliko hilo. Wapo wanaongoja Ramadhani, wanampa msichana bahasha na kunuia ZAKA. Wallahi huu ni msiba. Huwezi kulipa deni lako mwenyewe kwa zaka yako. Ukifanya hivyo, zaka hukuitoa na deni hukulilipa.

Basi ufanyeje? Chukua daftari. Andika tarehe ya kuanza kwa amri, au siku aliyoanza kazi kwako ikiwa alikuja baadaye. Hesabu miezi mpaka leo. Toa ulicholipa katika kima cha amri, tofauti izidishe kwa miezi. Kwa mfano, tofauti ikiwa 30,000 na miezi ni 14, unadaiwa 420,000. Kama huna kwa mara moja, mwambie wazi kiasi chote, mpangiane mafungu, muandikiane. Usimwambie "nisamehe" kabla hajajua ni kiasi gani na huku anaogopa kufukuzwa. Msamaha wa hofu hauondoi haki.

Na kama ameondoka, mtafute. Ana simu, ana kwao, yupo aliyemleta. Mnakijua kisa cha watu watatu waliofungiwa pangoni na jiwe, kilichomo katika Bukhari na Muslim. Mmoja wao, kibarua wake aliondoka bila ya kuchukua ujira. Yeye akauzalisha mpaka ukawa mifugo, na siku kibarua aliporudi alimpa yote, hakubakisha kitu. Kwa amali hiyo akaomba, na jiwe likasogea. Huyo alilipa zaidi ya alichodaiwa. Sisi tunavutana juu ya kile kile tunachodaiwa!

Na imepokewa katika Bukhari kwamba Allah atakuwa mgomvi wa watu watatu Siku ya Kiyama, mmoja wao ni aliyemuajiri mtu, akaitimiza kazi, asimpe ujira wake. Tajiri mwenzangu, kesi ya Kamisheni unaweza ukaikwepa, msichana hajui hata ofisi iko wapi. Hii nyengine hakuna wa kukusimamia.

Yule bwana alirudi siku ya pili na daftari lake. Hakuwa na furaha, lakini alikuwa amehesabu.

Allah atujaalie tulipe tunayodaiwa kabla ya kudaiwa mahali pasipo na fedha. Wabillahi tawfiq.

Mpelekee mwenye msichana wa kazi nyumbani. Na wewe mwenyewe anza kwako.