Kanuni haifungue mlango: somo tulilopata La Haye



Kila mara masasi inapolia Mashariki, ulizo moja inarudi katika mikutano yetu: «Juu ya nini Kongo haipeleke Rwanda mbele ya tribinali ya La Haye?» Na kila mara mtu mmoja anajibu kwa hasira kwamba sheria ya kimataifa ni ya wakubwa tu. Leo tunapenda kuwaambia kitu ambacho wengi kati yetu hawakukisoma popote. Kongo ilikwisha kuenda. Ilishindwa. Na namna ilivyoshindwa inatufundisha mambo ambayo kijana yeyote anayebeba kibandiko barabarani anapashwa kuyajua.

Tuanze Kisangani. Mwezi wa 6 mwaka 2000, jeshi la Uganda na jeshi la Rwanda yalipigana siku sita ndani ya muji ambao si wa Uganda wala wa Rwanda. Wakaaji walikuwa katikati. Muji moja, vita moja, majeshi mawili ya kigeni. Sasa muangalie kilichofuata mbele ya Korti ya Kimataifa ya Haki, ile ambayo inchi inashitaki inchi ingine.

Tarehe 19 Desemba 2005, Korti ilihukumu Uganda, ikasema ilivunja sheria katika Kongo. Baadaye, tarehe 9 Februari 2022, iliipangia kulipa dola milioni 325. Lakini tarehe 3 Februari 2006, hata miezi miwili haikupita kisha hukumu ile ya kwanza, Korti ileile ilisema juu ya Rwanda: sisi hatuna uwezo wa kusikiliza mashitaka haya. Waamuzi 15 walikubali, 2 walikataa. Makosa ya Kisangani hayakupimwa kwa upande ule. Mashahidi hawakusikilizwa. Mlango ulifungwa kabla ya kesi kuanza.

Sababu ni nini? Si kwamba Rwanda ilionekana haina kosa. Korti haikusema hivyo hata kidogo. Sababu ni kwamba Korti hii haihukumu inchi yoyote pasipo inchi hiyo kukubali. Uganda ilikuwa imekubali tangu 1963 kwa tangazo lake yenyewe, na Kongo ilikubali 1989. Rwanda haikutoa tangazo kama hilo. Kwa hiyo avoka wa Kongo walipashwa kutafuta mlango mwingine, na walitafuta ndani ya mikataba ambayo inchi zote mbili zilikuwa zimeingia. Mlango mkubwa ulikuwa Mkataba wa 1948 juu ya kuzuia na kuazibu jenosidi. Kifungu chake cha 9 kinasema kwamba inchi zikigombana juu ya mkataba huo, mojawapo inaweza kupeleka mambo mbele ya Korti.

Hapa ndipo kunaingia neno ambalo tunaomba mulishike: rezerve. Inchi inapoingia katika mkataba, inaweza kuandika: «Ninakubali yote, lakini kifungu hiki hakinihusu.» Rwanda ilipoingia mwaka 1975, iliandika kwamba kifungu cha 9 hakiifunge. Ni kusema: tunakubali kwamba jenosidi imekatazwa, lakini musitupeleke Korti juu yake.

Kongo ilijibu kwa hoja ambayo hata sisi tungeitoa. Ilisema: kukataza jenosidi ni kanuni ya lazima, ile ambayo hakuna inchi inaweza kuipunguza hata kwa mkataba. Tena ni deni ambalo kila inchi iko nalo kwa inchi zote za dunia, si kwa jirani tu. Basi namna gani karatasi ndogo ya 1975 inaweza kusimama mbele ya kanuni kubwa kama hiyo?

Musikie jibu la Korti, sababu ndilo kiini cha mambo yote. Ilikubali nusu ya kwanza. Kabisa, ilisema, kukataza jenosidi ni kanuni ya lazima. Ilikuwa mara ya kwanza Korti hiyo kutamka wazi kwamba katazo fulani liko na cheo hicho. Na ni kweli pia kwamba ni deni kwa wote. Wazo hilo Korti ilikwisha kulisema tangu 1970. Lakini nusu ya pili ilikataa. Ukubwa wa kanuni ni jambo moja, uwezo wa Korti ni jambo lingine. Kanuni inasema jambo fulani limekatazwa. Haiseme nani atahukumu. Na rezerve ya Rwanda haikugusa katazo, iligusa tu njia ya kuenda Korti.

Mutasema: basi inchi inaweza kuandika rezerve yoyote? Hapana. Mpaka uko. Korti iliuweka mwaka 1951, na ilikuwa ni juu ya mkataba huuhuu wa jenosidi: rezerve inakubalika tu kama haipingane na shabaha ya mkataba. Tuchukue mfano. Inchi ikiandika «tunakubali mkataba, isipokuwa tuko na haki ya kumaliza kabila fulani», hiyo si rezerve, ni kuchekelea mkataba, na haisimame. Lakini kukataa Korti tu, waamuzi waliona hakuue shabaha hiyo. Hata hivyo, waamuzi watano waliopiga kura pamoja na wengi waliandika pembeni kwamba jambo hilo si wazi vile, na kwamba Korti inapashwa siku moja kulitazama upya. Tunawaunga mkono. Mkataba ambao mtu anaingia huku akifunga mlango wa hakimu ni kama kufuli pasipo funguo.

Sasa tunafika mahali panapotuuma zaidi, sababu hapo si kosa la waamuzi. Kongo ilisema pia kwamba Rwanda ilikwisha kuondoa rezerve hiyo. Na kweli, kulikuwa amri-sheria ya Kigali ya Februari 1995 iliyosema hivyo. Tatizo? Hakuna barua iliyofika kwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ambaye ndiye anayetunza mkataba. Kuondoa rezerve ni tendo kati ya inchi na inchi. Haitoshe kuliandika nyumbani kwako. Barua haikufika, basi rezerve iliendelea kuishi. Tena Korti ilikumbusha jambo lingine: mwaka 1975, wakati rezerve iliandikwa, inchi yetu haikupinga. Waliokuwa ofisini Kinshasa walinyamaza, na ukimya wao ulikuja kusomwa mbele ya waamuzi miaka 31 kisha.

Sisi hatuandike haya kwa kuwavunja moyo. Tunaandika sababu mambo yalibadilika, na ni wachache wanaosema. Tarehe 15 Desemba 2008, Rwanda ilimujulisha Katibu Mkuu kwamba inaondoa rezerve yake. Safari hii barua ilifika. Ni kusema, kifungu cha 9 sasa kinafanya kazi kati ya inchi hizi mbili. Na pale ambapo mlango uko wazi, lile deni kwa wote linapata nguvu yake ya kweli. Muangalie Mianmari na watu wake Warohinga. Walikimbilia Bangladeshi kwa maelfu mengi, lakini Bangladeshi yenyewe iliandika rezerve juu ya kifungu cha 9. Nani alishitaki? Gambia, inchi ndogo ya Afrika ya Magharibi ambayo hakuna risasi hata moja iliyoanguka kwake. Mianmari ilisema: munatafuta nini hapa, mambo haya hayawahusu. Tarehe 22 Julai 2022, Korti ilijibu kwamba kila inchi iliyo ndani ya mkataba iko na haki ya kudai mkataba uheshimiwe.

Basi muweke vitu viwili mbalimbali katika kichwa. Deni kwa wote linajibu ulizo «nani anaweza kushitaki?» Kukubali kunajibu ulizo «Korti inaweza kusikiliza?» Mwaka 2006 Kongo ilitaka jibu la kwanza lifanye kazi ya la pili. Haikuwezekana.

Na tuseme ukweli wote, hata ule usiotupendeza. Mlango huu uliofunguka ni wa jenosidi peke yake. Si wa uvamizi, si wa wizi wa madini, si wa ubakaji wala mauaji kama hayakufanywa kwa nia ya kumaliza kundi la watu, lote ao sehemu yake, sababu ya taifa, kabila, rangi ao dini yao. Nia hiyo ndiyo ngumu kuliko yote kuionyesha. Hesabu ya wafu peke yake haitoshe, hata kama ni kubwa namna gani. Kila tarehe 2 Agosti tunakumbuka wafu wetu na tunatumia neno kubwa. Tuko na haki ya kulia. Lakini mbele ya waamuzi, neno lisilo na uhakikisho nyuma yake linaweza kufunga mlango ambao tulingojea miaka mingi.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu, na tunadai kwa serikali yetu kwanza. Iwaeleze wananchi wazi kama inafikiri kutumia kifungu cha 9, na kama hapana, juu ya nini. Iweke watu wa kazi ya kufuata rezerve ambazo inchi zingine zinaandika katika mikataba tunamoishi pamoja, na ipinge kwa maandishi wakati wake, si miaka 31 kisha. Na iache kutumia neno jenosidi katika hotuba za uchaguzi, ilitunze kwa faili iliyo tayari.

Kwa inchi zingine za Afrika tunasema: Gambia ilionyesha njia. Musituambie tena kwamba Kongo ni shauri ya Wakongomani peke yao. Mulitia sahihi.

Na kwa wale wanaofikiri kwamba Korti ikikosa uwezo, kosa limefutika: musome hukumu ya 2006 mpaka mwisho. Waamuzi waliandika humo kwamba inchi inabaki na mzigo wa matendo yake, hata kama haikukubali kuhukumiwa. Mlango uliofungwa haukufuta deni. Sisi tutaendelea kulihesabu.