Neno la Mhariri: Siku Mbili Zilizokatwa

Makala nyingi kuhusu konzo zinazofika mezani petu huishia kwa mama wa nyumba. Mama hakuloweka vya kutosha, mama ana haraka, mama afundishwe. Hata katika toleo hili baadhi ya waandishi wamepita njia hiyo. Nimewachapisha kwa sababu ni watu wanaohudumia wagonjwa na wanajua wanachokiona, ila kuhusu chanzo sikubaliani nao, na msomaji wa Kalundu na Uvira anastahili kujua kwa nini kabla hajafungua kurasa zinazofuata.

Mwanamke aliyelelewa kwenye muhogo mchungu hahitaji kuambiwa kwamba muhogo huo hulowekwa. Alifundishwa na mama yake, tena kwa ufasaha kuliko bango lolote la kituo cha afya. Tunalopaswa kuuliza ni nani aliyemnyang'anya muda wa kuloweka.

Jibu lilipatikana zamani, upande wa pili wa nchi yetu. Konzo ilielezwa mara ya kwanza kitabibu na daktari Trolli mwaka 1938, kutoka Kwango. Miongo mitano baadaye, Banea, Tylleskär, Rosling na wenzao walirudi Bandundu kuuliza kwa nini ugonjwa ulikuwa umeshika vijiji fulani katika eneo ambalo watu wote hula muhogo mchungu. Walikuta barabara ya lami iliyofungua njia ya kwenda Kinshasa. Malori yalikuja, muhogo ukawa fedha, na mnunuzi hangoji. Mizizi iliyokuwa ikikaa majini siku tatu ikaanza kutolewa baada ya siku moja, ikaanikwa na kuuzwa. Nyumbani nako watu wakala muhogo uleule wa siku moja. Nyama na samaki vilikuwa haba, na kulipokuwa na vyote viwili, yaani sumu iliyobaki na chakula kisicho na kitoweo, watoto na wanawake wakaamka miguu imekakamaa.

Tuangalie kinachotokea katika siku hizo. Sumu ya muhogo haikai humo kama sumu tayari. Inakaa kama linamarini, imefungiwa ndani ya seli za mzizi, na kimeng'enya cha kuivunja kinakaa mahali pengine palepale kwenye mzizi. Mpaka kuta za seli zilegee, viwili hivyo havikutani. Kazi ya kuloweka ni kuvundika: vijidudu vya majini hulainisha mzizi, kimeng'enya hufikia linamarini, sianidi hutoka, nyingine ikienda na maji na nyingine ikipaa hewani. Mzizi uliotolewa baada ya siku moja bado ni mgumu, na ukiukausha juani unafungia ndani linamarini ambayo haijaguswa. Ukiutwanga unapata unga mweupe mzuri, na kwa macho huwezi kuutofautisha na ule wa siku tatu.

Ndiyo maana bango la "loweka siku tatu" halinitoshi. Siku tatu ni hesabu ya maji yenye joto. Kwenye milima iliyo nyuma yetu maji ni ya baridi, hasa wakati wa kiangazi, na muhogo huchelewa kuvunda. Alama ya kuaminika iko kwenye dole gumba: bonyeza mzizi, na kama nyama yake inapondeka kama viazi vilivyochemshwa na uzi wa katikati unachomoka bila kuvutwa kwa nguvu, umeiva. Ukikataa, urudishe majini, hata kama ni siku ya nne.

Kwetu Kivu Kusini lori lina ndugu yake, nalo ni vita. Mwaka 2011 Chabwine na wenzake waliripoti kutokea kwa konzo katika mkoa wetu, huko Burhinyi, Mwenga, na katika kichwa cha makala yao waliuita mkoa eneo lililoraruliwa na vita. Familia inayokimbia haiachi muhogo kisimani ikasubiri ulainike. Mkulima anayeogopa kwamba shamba litavunwa na wengine usiku hung'oa yote leo na kukausha yote kesho. Hapa pwani tuna kinga ambayo hatuitaji kwa jina: ndagala. Mwili huondoa sianidi kwa kuiunganisha na salfa, ikawa thiosianeti na kutoka kwa mkojo, na salfa hiyo hutoka katika protini. Mtu anayekula bugali kwa ndagala ana cha kujikingia. Mtu wa mlimani anayekula bugali kwa sombe siku baada ya siku anacho kidogo sana. Wanaopanga kufunga uvuvi wa Ziwa Tanganyika katika miezi ya kiangazi, kama Tanzania ilivyofanya mwaka 2024 kuanzia Mei hadi Agosti, wana sababu nzuri za kulinda samaki, lakini sijasikia meza ambayo mtu wa uvuvi na mtu wa lishe waliketi pamoja kutazama kalenda hiyo.

Kuhusu neva, makala ya daktari wetu inaeleza kwa upana. Mimi naongeza jambo moja. Konzo haiui miguu. Misuli ipo, hisia zipo, na goti likigongwa linaruka kupita kiasi. Kilichoharibika ni njia ndefu ya amri kutoka gamba la ubongo hadi uti wa mgongo, na neva zinazoendesha miguu ndizo zenye safari ndefu kuliko za mikono. Vipimo vya kuchochea ubongo kwa sumaku, vilivyofanywa na Tshala-Katumbay na wenzake, vilionyesha kwamba kwa wagonjwa wengi amri haifiki. Sianidi huzuia seli kupumua, na mwili usio na salfa ya kutosha huzalisha pia sianeti, inayoharibu protini. Ni ipi kati ya hizo inayoumiza zaidi bado inabishaniwa. Hali inatokea ndani ya siku chache, mara nyingi baada ya mwendo mrefu, kisha haiongezeki, wala haiponi. Muuguzi akiona miguu iliyolegea, afikirie polio; akiona uti wa mgongo wenye kibyongo, afikirie kifua kikuu cha mgongo.

Makala ya mkemia kuhusu karatasi ya pikrati, inayogeuka kutoka manjano kuwa kahawia, isomwe na kila anayenunua unga kwa jumla. Ile ya historia ya mantakassa huko Nampula mwaka 1981 ni fupi na nzuri.

Nimempa nafasi kubwa zaidi mwandishi wa mbinu ya Bradbury ya kulowanisha unga, kwa sababu inarudisha muda uliokatwa bila kudai siku mbili ambazo familia haina. Unga hutiwa kwenye beseni, kiwango chake kikawekwa alama, maji yakaongezwa huku ukikoroga: unga hushuka kwanza, kisha hupanda tena hadi kwenye alama. Kisha hutandazwa mkekani, unene usiozidi sentimita moja, saa mbili juani au saa tano kivulini, na bugali hupikwa siku hiyohiyo. Katika kijiji cha Kay Kalenda, Popokabaka, Banea na wenzake waliwafundisha wanawake mbinu hii na hakuna mgonjwa mpya aliyepatikana wakati wa mradi.

Kwa wafanyabiashara wa bandari yetu ninaomba jambo moja: mkinunua muhogo mkavu kutoka mlimani, lipeni zaidi kwa uliovundikwa mpaka ukalainika, na msimlipe aliyeleta mapema kuliko aliyengoja. Kwa wauguzi wa zone ya afya: mkiandika historia ya mgonjwa, ongezeni maswali mawili, muhogo uliuzwa kwa nani na uling'olewa kwa kuogopa nini. Mtutumie majibu, toleo lijalo lina nafasi yake.