Korija ya Boriti na Gunia la Chumvi

Aghalabu biashara ya kale baina ya Lamu na nchi za Ghuba huelezwa kwa sentensi moja: huku kulikuwa na mikoko tele, kule ilikuwa haba. Majahazi yalikuja na kaskazi yakiwa na tende, chumvi na mazulia, yakarudi na kusi yamesheheni boriti za kuezekea nyumba. Maelezo hayo si ya uongo, lakini yanaficha swali gumu zaidi: je, nchi inayoweza kuzalisha kila kitu kwa wepesi kuliko mwenzake ina haja gani ya kununua?

David Ricardo alilijibu swali hilo mwaka 1817, na jibu lake laweza kuelezwa kwa mfano wa kubuni. Chukulia kwamba Lamu korija moja, yaani boriti 20, hukatwa kwa siku 4 za kazi, na gunia la chumvi huvunwa kwa siku 4. Ughaibuni korija huchukua siku 12 na gunia siku 6. Lamu inashinda kotekote. Hata hivyo, anayekata korija Lamu hupoteza gunia 1 ambalo angelivuna, ilhali mwenzake wa ng'ambo hupoteza magunia 2. Hapo ndipo ilipo faida linganishi: haupimwi wepesi wa kazi peke yake, bali kile kinachoachwa ili kazi hiyo ifanyike.

Wakibadilishana korija kwa gunia moja na nusu, Lamu hupata kwa siku 4 chumvi ambayo ingeigharimu siku 6. Mwenzake huvuna chumvi hiyo kwa siku 9 na kuepuka siku 12 za kukata. Wote wawili wamepata, mradi nauli ya jahazi isiimeze faida yote.

Lakini hesabu hii ina kasoro ambayo wengi huipita kimyakimya. Mkoko haukui upesi. Miti ya karibu ikiisha, mkataji huingia mbali zaidi kwenye matope, na korija ile ile humchukua siku 8. Sasa inamgharimu magunia 2, sawasawa na ughaibuni, na faida imetoweka ingawa majahazi bado yanapakia. Wala mazalio ya samaki na kaa yaliyopotea hayakuandikwa katika daftari la mfanyabiashara yeyote.

Mwaka 1982 serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi. Msitu ulihitaji pumziko hilo, lakini aliyeubeba mzigo wake ni mkataji, ambaye hakuwa na kazi nyingine inayomngoja. Kanuni ya Ricardo husema nchi mbili zaweza kufaidika. Haisemi faida itamfikia nani. Anayeifundisha bila kuitaja mipaka hiyo miwili, ya mti na ya mtu, amefundisha nusu ya somo.